Barua ya wazi kwa Bodi ya SACCOS yetu: vitabu vililingana, fedha hazikuwepo

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Uongozi,

Ndugu zangu, nawaandikia nikiwa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Hoja hii mara ya kwanza niliileta kwenu ndani ya bahasha iliyofungwa, ikajadiliwa dakika kumi chini ya "mengineyo", na sasa pale Mwaloni Kirumba kuna matoleo matatu ya habari yenyewe. Lile baya zaidi linasema chama kimefilisika. Hakijafilisika. Kuna pengo la shilingi 18,200,000 kati ya fedha ambazo wanachama walitukabidhi mkononi na fedha zilizoingia kwenye akaunti zao. Ni bora wanachama walisome kwetu likiwa na tarakimu kuliko waendelee kulisikia kwenye vijiwe vya kahawa.

Mtumishi anayehusika simtaji. Shauri lake halijaisha, na kwa haya ninayotaka kuyasema jina lake halituongezei kitu. Yeyote ambaye tungemkalisha kwenye kiti kile angeukuta mlango uleule umeachwa wazi, na mlango huo tuliuacha sisi.

Nianze na namna tulivyogundua, maana hatukugundua kwa ukaguzi. Jumanne ya tarehe 16 alikuja ofisini mama mmoja mwenye chanja za dagaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila kukaa: "Mwanangu, mimi nimekuwa mdaiwa sugu tangu lini?" Akafungua kifuko cha plastiki alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa stakabadhi yetu, imekunjwa mara nne, ya rejesho la shilingi 350,000 la tarehe 3. Ya pili ilikuwa taarifa ya mkopo wake aliyochapishiwa na karani asubuhi ileile. Humo rejesho lake lilikuwa limeingia tarehe 13, na chini yake faini ya shilingi 15,000 kwa kuchelewa. Mama amelipa siku mbili kabla ya tarehe yake, sisi tumemwandika amechelewa siku nane.

Keshia hakuwepo. Alikuwa amevuka kwenda Ukerewe msibani tangu tarehe 13 jioni, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa kazini kwa karibu miaka mitatu. Hapa ofisini tulikuwa tukimsifu kwa hilo. Hata mimi nilimsifu kwenye mkutano mkuu.

Nilichukua kitabu cha stakabadhi, nikaanza kufuata nakala za kaboni moja baada ya nyingine kwenye leja. Zile za tarehe 3 mchana kurudi nyuma zote zilikuwa zimeingizwa. Kuanzia hapo hadi tarehe 13, hakuna hata moja. Kisha kuanzia tarehe 14, karani aliyekaimu alipoanza kazi, kila stakabadhi imeingizwa siku ileile iliyoandikwa. Katikati pamebaki shimo la siku kumi, na jumla ya nakala zilizomo ndani yake ndiyo hizo milioni 18.2.

Kwa wajumbe ambao hawakukaa na vitabu, mchezo wenyewe ni wa kumvua huyu ili umvike yule. Chukueni Jumatatu moja. Mwanachama wa kwanza analeta 600,000, anapewa stakabadhi halali, fedha inaingia mfukoni. Jumatano mwanachama wa pili analeta kiasi kinachokaribiana, naye anapewa stakabadhi halali, lakini fedha yake inapelekwa benki na kuandikwa kwenye leja kwa jina la yule wa kwanza. Ijumaa anakuja wa tatu, anamfunika wa pili. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mmoja hatimaye anaona fedha yake imeingia, imechelewa tu. Deni lile la mwanzo halilipwi, linahamishwa kutoka mgongo wa huyu kwenda wa yule, na kila mara mtu akiongeza mkono mfukoni, foleni ya wanaosubiri kufunikwa inarefuka. Tulirudi nyuma miezi kumi na minne. Ucheleweshaji wa kwanza tuliouona ulikuwa wa siku moja, kwa stakabadhi ya shilingi 400,000.

Sasa swali ambalo Mwenyekiti uliniuliza kwenye simu, na ulikuwa na haki ya kuliuliza: inawezekanaje usuluhisho wa benki ulingane kila mwezi kwa miezi kumi na minne? Ulilingana kweli. Nimeurudia mwenyewe, hauna senti iliyopungua. Tatizo ni kile tulichokuwa tukikilinganisha. Usuluhisho wetu unachukua jumla ya leja na kuipima na taarifa ya benki. Keshia alipeleka benki kile tu alichoandika kwenye leja, na akaandika kwenye leja kile tu alichopeleka benki. Vitu viwili vilivyotoka kwenye mkono mmoja lazima vifanane. Kitu pekee ambacho hakikuweza kufanana navyo ni nakala ya stakabadhi, yaani maneno tuliyompa mwanachama siku alipotukabidhi fedha, na hicho ndicho hatukukifungua.

Nimekulia kwenye maghala ya pamba, na pale aliyepima mzigo hakulipa fedha. Karani wa mizani aliandika hati, mkulima akaibeba mwenyewe hadi dirisha la pili. Hakuna aliyemwona karani kuwa mwizi. Ilikuwa ndiyo desturi ya kazi. Hapa kwetu mtu mmoja anapokea fedha, anaandika stakabadhi, anaingiza kwenye leja, anapeleka benki, halafu mwisho wa mwezi anaandaa usuluhisho wa kumthibitishia kila mtu kwamba amefanya vizuri.

Kuna jambo moja lililotakiwa kutushtua mapema, na sisi watu wa ziwani hatuna kisingizio cha kutoliona. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala, chanja zinabaki tupu, na makusanyo yetu yanashuka. Nimepiga hesabu: siku za giza kituo chetu cha Mwaloni hupokea wastani wa shilingi 4,550,000 kwa siku, na siku za mwezi 1,300,000. Sasa chukueni pengo lilelile la milioni 18.2. Wakati wa giza, makusanyo ya siku nne yanatosha kulifunika, kwa hiyo mwanachama anaona fedha yake imechelewa siku nne, na tukaambiwa ni mtandao, au kazi ni nyingi. Mwezi ukiingia, siku tisa nzima zinaleta milioni 11.7 tu. Zilizobaki, milioni 6.5, lazima zitoke kwenye siku za giza zilizotangulia, karibu siku moja na nusu. Ndiyo zile siku kumi za yule mama. Pengo halikukua wiki ile. Lilikuwa palepale, ila maji yalipungua na jiwe likaonekana.

Na hapo ndipo sababu ya "kazi ni nyingi" inapojikata yenyewe. Kama ucheleweshaji ungetokana na wingi wa stakabadhi, ungepungua wakati wa mwezi, kwa sababu keshia anakuwa na stakabadhi chache za kuingiza. Kwetu ulizidi. Nilichukua nakala thelathini za wiki za giza na thelathini za wiki za mwezi, nikaandika kwa kila moja tarehe tatu: ya stakabadhi, ya leja, ya slipu ya benki. Kazi ya saa tatu kwa kalamu na karatasi. Mwezi baada ya mwezi mchoro ni uleule, unapanda na kushuka na mbalamwezi. Mtu yeyote katika Kamati yangu angeweza kuifanya kazi hiyo mwaka jana. Hatukuifanya, na taarifa yetu ya robo mwaka iliyosema "hakuna hoja" ina sahihi yangu.

Sahihi za Bodi nazo sina budi kuzitaja. Usuluhisho wa miezi saba mfululizo umesainiwa kwa niaba yenu siku moja, kwa kalamu moja ya bluu ambayo kwenye karatasi ya tano ilianza kukauka, sahihi ikafifia, na kwenye ya sita ikageuka nyeusi. Simlaumu aliyesaini peke yake. Aliletewa karatasi saba dakika chache kabla ya kikao. Lakini sahihi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na sahihi, kwa sababu kila aliyekuja baadaye alidhani kuna mtu ameangalia.

Jingine linahusu wakaguzi wa nje. Waliandika barua za kuwaomba wanachama kadhaa wathibitishe salio lao, kama inavyotakiwa. Barua zile zikakabidhiwa keshia azipeleke Mwaloni, kwa kuwa ndiye anayewajua wanachama, na majibu yakarudi kupitia kwake. Sijaona ushahidi kwamba alizichezea. Ninachosema ni kwamba majibu yale hayathibitishi chochote, na tusiyatumie kujikinga.

Sasa tunayoomba Bodi iyaamue.

Kubwa kuliko yote ni kugawa kazi ile ya mtu mmoja, na najua jibu litakuwa kwamba ofisi ina watumishi wanne. Wanne wanatosha. Keshia aendelee kupokea fedha na kuandika stakabadhi, aishie hapo. Jioni karani wa mapokezi achukue nakala za kaboni, si jumla iliyoandikwa na keshia, aingize leja kutoka kwenye nakala. Afisa mikopo apeleke fedha benki asubuhi na arudi na slipu. Mhasibu, ambaye hagusi fedha taslimu, alinganishe vyote vitatu kwa siku hiyohiyo: jumla ya nakala, jumla ya leja, jumla ya slipu. Na asiishie kwenye jumla, kwa sababu jumla ndiyo iliyotudanganya. Achague majina matano kila siku ayafuate jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Nimemwomba karani ajaribu kwa wiki moja. Ilimchukua dakika hamsini siku ya giza na ishirini siku ya mwezi. Jumamosi, siku yenye fedha nyingi, tutahitaji kibarua wa nusu siku. Gharama hiyo naitetea mbele ya mkutano wowote.

Mpangilio huu una ukomo wake, na ni vizuri mkaujua leo. Hautamzuia keshia anayepokea fedha bila kuandika stakabadhi kabisa, au anayetumia kitabu ambacho hakipo kwenye rejesta yetu. Kwa hilo vitabu vitupu lazima vikae kwa meneja, vitolewe kwa sahihi na kwa namba zinazofuatana, na kitabu kipya kisitoke kabla cha zamani hakijarudi na kurasa zake zote, zilizoharibika zikiwemo. Pia mwanachama apate ujumbe wa simu kila fedha yake inapoingizwa, ukitaja namba ya stakabadhi na tarehe ya stakabadhi, si tarehe ya kuingizwa peke yake. Yule mama angetuita siku ya pili badala ya siku ya kumi na tatu. Ila angalizo: anayeweza kubadilisha namba ya simu ya mwanachama kwenye mfumo anaweza pia kuuelekeza ujumbe kwake. Kwa hiyo badiliko la namba lipitishwe na mtu wa pili, na ujumbe wa kuarifu badiliko uende kwenye namba ya zamani.

La likizo lisifanywe suala la hisani. Kila anayegusa fedha apumzike siku kumi na nne mfululizo kwa mwaka, kiti chake kikaliwe na mwingine, na asiitwe kwa simu "kuja kumalizia kidogo". Napendekeza pia kwamba kwa keshia wa Mwaloni likizo hiyo ianze siku chache kabla ya mwezi mpevu. Wajumbe wawili walicheka niliposema hivi. Nadhani sasa mnaona nilichomaanisha.

Kuhusu pendekezo la kununua mfumo mpya wa kompyuta ambalo limeshaanza kuzungushwa, Kamati haiungi mkono kwa sasa. Mfumo tulionao ulirekodi kwa uaminifu kila kitu ulichoingiziwa. Mpya utafanya hivyohivyo, kwa rangi nzuri zaidi. Kinachohitajika kwenye huu wa zamani ni mambo mawili ambayo fundi wetu amesema yanawezekana: tarehe ya stakabadhi iwe sehemu ya lazima kujazwa, na tarehe ya kuingiza iwekwe na mfumo wenyewe, mtu asiweze kuibadilisha. Hapo mhasibu atapata kila asubuhi orodha ya malipo yote yaliyokaa zaidi ya siku moja.

Kupokea marejesho kwa lipa namba tunakubali kwa mikono miwili, kwa sababu tarehe inaandikwa na kampuni ya simu na si na sisi. Lakini msitegemee fedha taslimu zitaisha. Saa kumi na moja alfajiri pale mwaloni, mnunuzi ametoka kulipa kwa noti na wakala bado hajafungua, mama hatasubiri. Na akaunti ile ya simu nayo ina namba ya siri. Anayeijua asiwe yuleyule anayeandika leja.

Sasa fedha zenyewe. Kila mwenye stakabadhi aingiziwe fedha yake yote, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Tuliwapa karatasi yetu. Hasara ni ya chama, si yao. Tumehesabu wanachama 41 waliotozwa faini kwa ucheleweshaji tulioufanya sisi, kila mmoja 15,000, jumla 615,000. Warudishiwe, pamoja na barua ya kuomba radhi yenye jina la mwanachama juu yake, na alama ya kuchelewa ifutwe kwenye kumbukumbu zao kabla mtu hajanyimwa mkopo kwa sababu yake. Pengo la milioni 18.2 liandikwe kwenye hesabu za mwaka huu kama deni ambalo chama kinamdai mtumishi, na pembeni yake litengwe kama hasara mpaka pale fedha itakapoonekana. Nimesikia wazo la kuliweka chini ya "wadaiwa wengine" ili mizania isitishe watu. Tukifanya hivyo, wajumbe, tutakuwa tumeingia sisi wenyewe kwenye mchezo wa kumvua huyu tumvike yule.

Familia ya mtumishi imekuja kwa unyenyekevu, wazee watatu, na imeomba kulipa kidogo kidogo. Niliwapokea, na kwa kweli nilisikitika nao. Maoni ya Kamati ni kwamba fedha ipokelewe, kwa stakabadhi, benki moja kwa moja, lakini isiandikwe popote kwamba jambo limekwisha. Chama cha ushirika kilichosajiliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2013 si mali ya Bodi wala ya Kamati, na hatuna mamlaka ya kumalizana nyumbani kwa fedha ya watu. Ofisi ya Mrajis Msaidizi mkoani iandikiwe wiki hii, ipewe nakala za karatasi zote, na taarifa ipelekwe polisi. Yeye mtumishi apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi. Kuna stakabadhi kama sita ambazo anasema fedha zake alizikabidhi kwa mtu mwingine hapa ofisini, na hilo halijathibitishwa wala kukanushwa. Mpaka lichunguzwe, hakuna anayepaswa kusema anajua hadithi yote.

Tunaomba mgawanyo wa kazi uanze Jumatatu ijayo, kwa barua ya meneja inayotaja kila mtu na kazi yake, bila kusubiri kikao. Faini zirudishwe ndani ya siku saba. Mengine yaletwe kwenye kikao cha dharura cha Bodi na Kamati, yakiwa na jina la mjumbe mmoja mbele ya kila jambo na tarehe ya kulikamilisha. "Menejimenti" si jina la mtu. Baada ya siku tisini Kamati itarudia jaribio la nakala sitini, nusu za giza na nusu za mwezi, na matokeo tutayabandika kwenye ubao wa matangazo pale Mwaloni, yawe mazuri au mabaya.

Vitabu kumi na moja vya stakabadhi vilivyotumika katika miezi hiyo kumi na minne ninavyo mimi, ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao katibu wa Kamati. Nitavikabidhi kwa mtu ambaye Bodi itamtaja kwa maandishi, na nitaomba anisainie ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika ushirika,

Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi
Mwanza